Je, 1.42 kweli iko chini ya 1.5? Namna ya kukagua vipimo vya floraidi katika makala ya utafiti

Kila muhula narudiwa na maswali yale yale matatu. "Mwalimu, makala inasema 1.42 ± 0.02, hiyo 0.02 imetoka wapi?" "R² yao ni 0.9998, si inatosha?" "Wao wamepata asilimia 83 na sisi 81, chujio letu ni baya?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mfano mmoja ambao tutaufuata tangu mwanzo hadi mwisho.

Mfano wenyewe ni floraidi katika maji ya kunywa. Sisi tunaoishi kuzunguka Mlima Meru, na wenzetu wa upande wa Nakuru, tunaijua kwa rangi ya meno ya watoto wetu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na maji yenye 1.42 yangepita bila mtu kuuliza swali. Kikomo kikiwa 1.5, tofauti ya 0.08 ndiyo inayoamua kama kijiji kinaambiwa "kunyweni" au "subirini", na hapo ukaguzi wa makini hauepukiki.

Makala tutakayoikagua nimeitunga kwa ajili ya zoezi hili, lakini imefanana sana na zile mnazoniletea. Inasema hivi: maji ya kisima yenye floraidi 8.4 mg/L yalipitishwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa, yakatoka na 1.42 ± 0.02 mg/L (n = 3). Kipimo kilifanywa kwa elektrodi ya floraidi, R² ya kalibresheni ilikuwa 0.9998, na hitimisho ni kwamba maji "yako chini ya kikomo".

Kabla ya kuanza, tuelewane kwa maneno mawili tu. Kosa ni tofauti kati ya ulichosoma na ukweli, na kwa kawaida hulijui. Shaka ya kipimo ni upana wa eneo ambamo ukweli unaweza kuwa umejificha, na huo unaweza kuukadiria. Kazi yetu leo ni kukadiria shaka.

## Unachohitaji

- Makala yenyewe pamoja na viambatisho vyake. Namba za kalibresheni mara nyingi zimo kwenye viambatisho.
- Programu ya majedwali, Excel au LibreOffice Calc.
- Kalamu na karatasi ya kuandika vyanzo vya shaka, kimoja kwa kila mstari.
- Sehemu ya mbinu isome mara mbili *kabla* hujatazama matokeo. Ukianza na matokeo, utasoma mbinu kwa jicho la mtu aliyekwisha kuamini.

## Hatua

### 1. Uliza ± ni ya nini

Alama ya ± peke yake haisemi kitu. Kwenye makala yetu, 0.02 inaweza kuwa mkengeuko sanifu wa usomaji mara tatu. Inaweza pia kuwa mkengeuko huo uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani shaka ya wastani. Au inaweza kuwa upana wa asilimia 95. Hivi ni vitu vitatu tofauti: ikiwa mkengeuko sanifu ni 0.02, shaka ya wastani ni 0.012, na upana wa asilimia 95 kwa vipimo vitatu tu ni 0.05, kwa sababu namba ya t kwa data chache hivyo ni 4.30 na si 2.

Ukisoma mbinu utaona waliandika kwamba bika moja ya sampuli ilisomwa mara tatu. Basi hiyo 0.02 ni mtikisiko wa elektrodi ndani ya bika ile ile, dakika chache zikipishana. Haisemi chochote kuhusu kalibresheni, wala miyeyusho sanifu, wala jinsi elektrodi ilivyobadilika tangu asubuhi.

Angalia: kusoma bika moja mara tatu si majaribio matatu. Majaribio matatu ni kuchota maji mara tatu na kuyaandaa mara tatu. Makala ikiandika n = 3, tafuta ni tatu ya nini.

### 2. Ijenge upya kalibresheni yao

Elektrodi ya floraidi haisomi miligramu, inasoma milivolti. Kila floraidi inapoongezeka mara kumi, milivolti hushuka kwa karibu 59 kwenye jotoridi la 25 °C (kinadharia ni 59.16). Kwa hiyo mstari ulionyooka unapatikana ukichora milivolti dhidi ya logi ya kiasi cha floraidi. Kwenye kiambatisho cha makala yetu tunakuta jedwali hili:

| mg/L | mV |
|---|---|
| 0.5 | 117.9 |
| 1 | 99.4 |
| 2 | 82.9 |
| 5 | 59.0 |
| 10 | 41.9 |

Weka mg/L kwenye safu A, `=LOG10(A2)` kwenye safu B, na milivolti kwenye safu C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 6. Kisha:

```
E2: =SLOPE(C2:C6,B2:B6)
E3: =INTERCEPT(C2:C6,B2:B6)
E4: =STEYX(C2:C6,B2:B6)
E5: 91.1
E6: =10^((E5-E3)/E2)
```

Hiyo 91.1 ni wastani wa milivolti za sampuli iliyochujwa. Utapata mteremko wa −58.3, jambo jema, kwani elektrodi yenye afya hukaa karibu na 59. E6 itakupa 1.42. Hesabu yao ni sahihi, na sasa tunajua tunatembea njia ile ile waliyopita.

Namba ninayotaka uikazie macho ni E4, yaani 0.51. Hiyo ni milivolti: wastani wa jinsi pointi zinavyoachana na mstari. R² haikuonyeshi hili. R² inakuwa karibu na 1 kwa sababu tu umepima kuanzia 0.5 hadi 10, yaani milivolti 76 kutoka juu hadi chini, na nusu milivolti ikilinganishwa na 76 haionekani. Lakini sampuli yako haijali upana wa grafu. Kwake yeye, milivolti moja ni asilimia 4 ya floraidi. Ikariri hiyo: kwenye elektrodi ya floraidi, kosa la 1 mV ni karibu asilimia 4 ya jibu, liwe jibu dogo au kubwa.

### 3. Toa shaka ya kalibresheni

Ongeza mistari miwili:

```
E7: =E4/ABS(E2)*SQRT(1/3+1/5+(E5-AVERAGE(C2:C6))^2/(E2^2*DEVSQ(B2:B6)))
E8: =LN(10)*E7
```

Ile 1/3 ni kwa sababu sampuli ilisomwa mara tatu, na 1/5 ni kwa sababu kuna miyeyusho sanifu mitano. Sehemu ya mwisho huongezeka kadiri sampuli inavyokaa mbali na katikati ya grafu, ndiyo maana kupima pembezoni mwa kalibresheni ni ghali, na kupima nje yake ni kubahatisha. E8 inakupa 0.015, yaani asilimia 1.5.

Angalia: mtikisiko wa kusoma bika mara tatu tayari umo ndani ya namba hii kupitia 1/3. Ukichukua tena ile 0.02 ya makala na kuijumlisha, umehesabu kitu kimoja mara mbili. Wanafunzi wangu wengi hujikwaa hapa, na wale waangalifu zaidi ndio hujikwaa sana, kwa sababu wanaogopa kuacha kitu.

### 4. Tafuta ambacho kalibresheni haikuona

Rudi kwenye mbinu na utafute sentensi ndogo ndogo. Kwenye makala yetu ipo moja: "Myeyusho wa 1 mg/L ulisomwa tena kila baada ya sampuli kumi, na kalibresheni ilikubaliwa iwapo tofauti haikuzidi ±1.5 mV." Waandishi waliiweka kama ushahidi wa umakini wao, na ni kweli walikuwa makini. Lakini wametuambia pia kwamba siku nzima elektrodi iliruhusiwa kuhama popote ndani ya 1.5 mV kila upande.

Tunapojua mipaka tu, bila kujua ndani yake thamani ilikaa wapi, tunagawanya kwa kipeuo cha pili cha 3: 1.5 ÷ 1.73 = 0.87 mV. Zidisha kwa asilimia 4 kwa kila milivolti, unapata asilimia 3.4. Sentensi moja ya mbinu imebeba shaka zaidi ya mara mbili ya kalibresheni nzima.

Miyeyusho sanifu nayo ina shaka yake. Chupa ya myeyusho mama huja na cheti, na pipeti ya kioo ya mL 10 ya daraja A huvumiliwa kwa 0.02 mL, ambayo ni asilimia 0.2 kabla hata hujaigawanya. Nimeweka asilimia 0.5 kwa mlolongo wote wa kuzimua, na kwa pipeti nzuri hiyo ni ukarimu. Usipoteze jioni nzima hapa. Makala ikisema wametumia silinda ya kupimia badala ya pipeti, hapo ndipo urudi.

### 5. Unganisha shaka

Vyanzo visivyohusiana haviunganishwi kwa kujumlisha moja kwa moja, kwa sababu ni nadra vyote vikosee upande mmoja kwa wakati mmoja. Kila kimoja unakizidisha kwa chenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili:

```
=SQRT(1.5^2+3.4^2+0.5^2)
```

Jibu ni asilimia 3.75. Jaribu kuifuta ile 0.5 na uhesabu tena: unapata 3.72. Kipande kidogo hakina uzito, kikubwa ndicho kinachotawala. Ukitaka kuboresha kipimo hiki, usinunue pipeti mpya, soma myeyusho wa 1 mg/L kila baada ya sampuli tatu.

Asilimia 3.75 ya 1.42 ni 0.053 mg/L. Kwa ripoti tunazidisha kwa 2 ili kufunika karibu asilimia 95, na jibu linakuwa 1.42 ± 0.11 mg/L. Makala ilisema ± 0.02.

### 6. Linganisha na kikomo

Kutoka 1.31 hadi 1.53: kikomo cha 1.5 kimo ndani. Lakini usikimbilie kusema "makala imekosea". Kwa kikomo cha upande mmoja, swali ni kama tuna uhakika wa asilimia 95 kwamba thamani iko *chini*, na hapo tunatumia 1.64 badala ya 2: 1.64 × 0.053 = 0.087. Toa kwenye 1.5, unapata 1.41. Jibu likiwa 1.41 au pungufu, unaweza kusema "liko chini ya kikomo" na ukalisimamia. Lao ni 1.42. Limekosa kwa nywele.

Kwa hiyo ukaguzi wa haki unaandikwa hivi: maji haya *yaelekea* kuwa chini ya 1.5, ila kipimo hiki hakijathibitisha. Waandishi wangeweza kuthibitisha kwa elektrodi ile ile, kwa kukaza tu ile ruhusa ya 1.5 mV ifike 0.5. Mimi nikiwa mkaguzi, hilo ndilo ningewaomba, na nisingewaomba mashine mpya.

### 7. Fuata shaka inapoingia kwenye hesabu nyingine

Makala inadai pia kwamba chujio limeondoa asilimia 83 ya floraidi: 1 − 1.42/8.4 = 0.831. Wengi hudhani kwamba kama 1.42 ina shaka kubwa, basi na asilimia 83 ni dhaifu. Tuhesabu. Kwenye kugawanya, asilimia za shaka ndizo zinazounganishwa: 3.75 na 3.75 zinatoa 5.3. Uwiano 1.42/8.4 ni 0.169, na asilimia 5.3 yake ni 0.009. Ukizidisha kwa 2 kama mwanzo, ufanisi ni asilimia 83.1 ± 1.8, na dai kwamba chujio linafanya kazi vizuri limesimama imara. Tena, kama sampuli mbili zilisomwa zikifuatana, sehemu ya mhamo wa elektrodi inafutana na shaka hupungua zaidi.

Hapo hapo umepata jibu la swali la tatu. Asilimia 83 yao na 81 yenu, kila moja ikiwa na shaka ya karibu 2, hazitofautiani.

Kutoa ni kinyume chake. Makala nyingi huonyesha jaribio la kuongezea: unaongeza floraidi inayojulikana, mfano 1.00 mg/L, na kuona kama elektrodi inaiona yote. Tuseme baada ya kuongeza walisoma 2.30. Tofauti ni 0.88, wakaandika "asilimia 88 imepatikana, inakubalika". Kwenye kutoa, zinazounganishwa ni shaka zenyewe, si asilimia zake: 0.086 kwa 2.30 na 0.053 kwa 1.42 zinatoa 0.10. Ukizidisha kwa 2, jibu halisi ni asilimia 88 ± 20. Haliwezi kukuambia kama kuna upotevu wa asilimia 12 au hakuna kabisa. Ingefaa waongeze 5 mg/L badala ya 1, au wasome sampuli mbili zikifuatana ili mhamo ufutane.

### 8. Uliza kuhusu kosa la upande mmoja

Hadi hapa tumeshughulikia mtawanyiko. Lipo kosa ambalo hakuna ± itakayolifunika, kwa sababu linasukuma kila kipimo upande ule ule. Elektrodi huona ioni za floraidi zilizo huru tu. Maji yakiwa na alumini, alumini hukamata floraidi na kuificha, na elektrodi inasoma pungufu. Ndiyo sababu sampuli na miyeyusho sanifu huchanganywa na bafa ya TISAB: inashikilia pH karibu na 5 hadi 5.5, inasawazisha chumvi, na ile yenye CDTA huiachisha floraidi kutoka kwenye alumini.

Kwa chujio la mkaa wa mifupa hatari hii kwa kawaida ni ndogo. Lakini ukikagua makala ya njia ya Nalgonda, ambayo husafisha maji kwa shabu na chokaa, tazama hili kabla ya lingine lolote. Shabu *ni* chumvi ya alumini. Makala ya namna hiyo isiyotaja aina ya bafa inaweza kuwa imepima floraidi iliyofichwa na kuiita floraidi iliyoondolewa, na mtu ataendelea kuinywa.

## Ukikwama

Makala haina namba za kalibresheni, ina R² tu. Waandikie waandishi uombe jedwali. Wasipojibu, pima grafu yao kwa rula kwenye skrini, utapata makadirio ya E4. Ikishindikana, tumia mteremko: kwa elektrodi hii, chukulia 1 mV ya shaka, yaani asilimia 4, na uandike wazi kwamba ni makadirio yako.

Mteremko wao ni 50 au chini. Elektrodi imechoka, au miyeyusho imeandaliwa vibaya, au pointi ya chini kabisa imepita uwezo wa elektrodi na kupinda mstari. Futa pointi hiyo ya chini na uhesabu tena. Mteremko ukirudi karibu na 58, umempata mkosaji.

Mteremko ni mzuri lakini majibu yote yako juu au chini. Fikiria jotoridi. Niliwahi kupoteza wiki mbili kwa sababu miyeyusho sanifu ilitoka kwenye friji asubuhi ikapimwa ikiwa baridi, na sampuli zilipimwa mchana. Mteremko ulionekana salama, ila mstari mzima ulikuwa umehama. Makala ikitaja jotoridi la sampuli na kunyamaza kuhusu la miyeyusho sanifu, iandike kwenye orodha yako ya maswali.

Shaka uliyopata ni ndogo kuliko yao. Huenda wamechota maji mara tatu kweli, na tofauti ya chota hadi chota ni kubwa kuliko ya maabara. Basi yao ndiyo ya kutumia, maana imeona kitu ambacho hesabu yako haikukiona.

Makala inatoa tarakimu kama 1.4231. Shaka ikiwa 0.11, tarakimu za mwisho hazina kazi. Andika 1.42 ± 0.11 kwenye jedwali lako na uendelee.